Variansi imetoka hasi: kutafuta kosa katika M(t) iliyosomwa kwenye picha

Swali lenyewe ni la kawaida katika mitihani ya takwimu ya chuo. Mtahini anatoa kitendakazi kizalishi cha momenti cha kigeu nasibu X, yaani M(t) = E(e^(tX)), halafu anataka wastani na variansi. Njia yake inafahamika. Unatafuta derivativu ya kwanza na kuweka t = 0, unapata wastani. Unatafuta derivativu ya pili na kuweka t = 0, unapata E(X²). Ukitoa mraba wa wastani, kinachobaki ni variansi.

Kwenye karatasi safi kazi hii ni ya dakika chache. Ugumu unaanza swali linapokufikia kama picha iliyopigwa haraka, kivuli cha simu kimeangukia upande mmoja, na WhatsApp imeibana mpaka herufi ndogo zimeungana. Vipeo ndivyo vinavyoumia kwanza kwa sababu huchapwa kwa maandishi madogo kuliko yote kwenye mstari. Alama ya kutoa iliyo juu ya kipeo ina unene wa unywele tu, na ikitoweka hakuna pengo linalokuonya kwamba kitu kimekosekana.

Habari njema ni kwamba hesabu yenyewe hulalamika. Karibu kila aina ya kosa, liwe la kusoma au la kutafuta derivativu, huacha alama yake kwenye majibu, na ukijua alama hizo unaweza kurudi nyuma mpaka penye kosa bila kuiona karatasi halisi. Tutashika swali moja na kulifuata. Katika picha linasomeka hivi: X ni muda, kwa dakika, wa kuwahudumia wateja watatu mmoja baada ya mwingine, na M(t) yake ni (1 − 2t) ikiwa na kipeo kinachofanana na 3, kwa t < 1/2. Tafuta wastani na variansi ya X.

Kabla ya derivativu yoyote: weka t = 0

Weka sifuri mahali pa t katika kitendakazi kama ulivyokisoma. Jibu lazima liwe 1, kwa kuwa e^(0·X) ni 1 daima, na wastani wa 1 ni 1. Hakuna mgawanyo wowote unaokwepa sharti hili.

Jaribio hili la sekunde tano linanasa makosa mengi ya picha. Tuseme umesoma e^(4e^t − 1). Ukiweka t = 0 unapata e^3, karibu 20, kwa hiyo usomaji huo hauwezi kuwa sahihi. Kuna mabano yaliyofutika: kilichoandikwa ni e^(4(e^t − 1)), ambacho kwa t = 0 kinatoa 1 barabara, na ni cha mgawanyo wa Poisson. Au umesoma 0.3e^t + 0.5e^(3t), na sifuri inakupa 0.8. Basi 0.2 imekatwa ukingoni mwa picha. Kama kilichokatwa ni 0.2 peke yake bila e, derivativu zako hazitabadilika hata kidogo, kwa sababu derivativu ya namba tupu ni sifuri. Lakini kama kilikuwa 0.2e^(2t), wastani wako utapungua kwa 0.4. Jaribio linakwambia ni kiasi gani kimepotea. Halikwambii kilikuwa na kipeo gani, na hapo huna budi kumwomba aliyepiga picha apige tena ukingo ule.

Swali letu linapita: (1 − 2·0) ni 1, na 1 ikipewa kipeo chochote inabaki 1. Kumbuka hilo, maana ndilo linalofanya kosa la kipeo kuwa hatari. Usomaji mbaya wa kipeo nje ya mabano hauonekani kabisa pale t = 0.

Dalili: wastani hasi na variansi hasi

Msomaji wa picha anaona 3, anaandika M(t) = (1 − 2t)^3, na kuendelea. Derivativu ya kwanza ni 3 mara −2 mara (1 − 2t)^2, yaani −6(1 − 2t)^2. Kwa t = 0 inakuwa −6. Derivativu ya pili ni 24(1 − 2t), ambayo kwa t = 0 ni 24. Variansi ni 24 − (−6)², yaani 24 − 36 = −12.

Wengi wakifika hapa hufuta alama ya kutoa na kuandika 12, wakidhani walikosea kutoa mahali fulani. Bahati mbaya namba inayobaki ni sahihi, kwa hiyo hawagundui kosa lilikuwa wapi, na wakirudia mtindo huo kwenye swali jingine watapotea. Variansi ni wastani wa miraba. Haiwezi kuwa hasi kwa mgawanyo wowote ule. Ikitoka hasi, ama derivativu zina kosa, ama kitendakazi ulichokisoma si kizalishi cha momenti cha kitu chochote.

Rudia derivativu zako mara moja. Kama ziko sawa, kama zilivyo hapa, shutuma inahamia kwenye usomaji. Ipo njia ya haraka ya kuthibitisha: weka t = 1/4, iliyo ndani ya mpaka. Usomaji wetu unatoa (1 − 1/2)^3 = 1/8. Lakini X ni muda na haupungui sifuri, kwa hiyo e^(X/4) haipungui 1, na wastani wa vitu visivyopungua 1 hauwezi kuwa 1/8. Kwa hiyo (1 − 2t)^3 imekataliwa bila hata kugusa derivativu.

Sasa tazama namba zenyewe: −6 na −12. Alama hii ni ya kosa moja mahususi, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Chukua logi asilia ya M(t) na uiite K(t). Derivativu ya kwanza ya K pale t = 0 ni wastani, na derivativu ya pili pale t = 0 ni variansi moja kwa moja, bila kutoa mraba wowote. Kipeo, kikiingia kwenye logi, hushuka chini na kuwa kizigeu. Kwa hiyo (1 − 2t)^3 inatoa K(t) = 3 ln(1 − 2t), na (1 − 2t)^(−3) inatoa K(t) = −3 ln(1 − 2t). Tofauti ni alama ya mbele tu. Alama ya kipeo ikigeuka, K yote inageuka, na derivativu zake zote mbili zinageuka pamoja nayo. Ndiyo maana wastani na variansi vinatoka na ukubwa ule ule sahihi lakini vyote viwili vikiwa hasi. Ukiona jozi ya namna hiyo, rudi kwenye picha na utafute alama ya kutoa juu ya kipeo, au utafute kama kitendakazi kiliandikwa kama sehemu, 1 juu na (1 − 2t)^3 chini, na ukingo wa picha umemeza ile 1 pamoja na mstari wake.

Rudisha alama ya kutoa na uanze upya. M(t) = (1 − 2t)^(−3). Derivativu ya kwanza: −3 mara −2 mara (1 − 2t)^(−4), yaani 6(1 − 2t)^(−4). Kwa t = 0 ni 6. Derivativu ya pili: 6 mara −4 mara −2 mara (1 − 2t)^(−5), yaani 48(1 − 2t)^(−5). Kwa t = 0 ni 48. Variansi ni 48 − 36 = 12. Kwa njia ya logi, derivativu ya kwanza ya K ni 6/(1 − 2t) na ya pili ni 12/(1 − 2t)². Kwa t = 0 zinatoa 6 na 12. Njia mbili zimekutana.

Na ile t < 1/2 iliyoandikwa pembeni ilikuwa shahidi tangu mwanzo. Kitendakazi (1 − 2t)^3 kinakokotoleka kwa t yoyote, kwa hiyo mtahini asingekuwa na sababu ya kuweka mpaka. Mpaka unahitajika pale tu ambapo (1 − 2t) iko chini ya mstari wa sehemu, kwa sababu ikifika sifuri mambo yanaharibika. Napenda wanafunzi wausome mpaka wa t kwanza, kabla hata ya kitendakazi. Mara nyingi umechapwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo unasalimika kwenye picha wakati kipeo kimekwisha.

Dalili: wastani hasi, variansi iko sawa

Hapa umepata −6 na 12. Hesabu hailalamiki, na kwa haki, kwa sababu kitendakazi ulichotumia ni halali: (1 + 2t)^(−3). Derivativu ya kwanza ni −6(1 + 2t)^(−4), ya pili ni 48(1 + 2t)^(−5), na 48 − 36 ni 12. Hiki ni kizalishi cha momenti cha −X, yaani namba zile zile zikiwa zimegeuzwa upande wa pili wa sifuri. Kugeuza upande hakubadilishi mtawanyiko, kwa hiyo variansi haiguswi.

Chanzo kwenye picha ni alama ya kutoa ndani ya mabano kusomeka kama ya kujumlisha. Kwa kawaida ni kikunjo cha karatasi kimepita wima juu yake, au kalamu ya aliyekuwa akisoma iligusa hapo. Hesabu peke yake haitakuokoa, lakini maneno ya swali yatakuokoa: X ni muda wa huduma, na muda haupungui sifuri, kwa hiyo wastani wake hauwezi kuwa −6. Mpaka wa t nao unapinga. Kama ingekuwa (1 + 2t)^(−3), mtahini angeandika t > −1/2.

Mpaka huo una kazi nyingine pia. Sifuri lazima iwe ndani yake, tena na nafasi pande zote mbili, kwa sababu tunatafuta derivativu hapo hapo kwenye sifuri. Ukisoma t > 1/2, ujue umesoma mshale kinyume.

Dalili: wastani ni sahihi, variansi ni −12

Hii huwachanganya watu kuliko zote. Wastani 6 unaonekana mzuri, halafu variansi inaanguka. Derivativu ya kwanza ikiwa sawa kwenye sifuri, mtu huamini kwamba mstari wote uko sawa. Hauko.

Sababu ya kawaida ni kipeo hasi kilichosogezwa upande usiofaa. Kanuni inasema punguza kipeo kwa 1. Kutoka −3 unafika −4. Ukifika −2 umeongeza. Fuata kosa lilivyo: derivativu ya kwanza inaandikwa 6(1 − 2t)^(−2), na kwa t = 0 inatoa 6, kwa sababu mabano yakishakuwa 1 kipeo hakina sauti tena. Kosa limejificha. Linajitokeza hatua inayofuata, ambapo kipeo kinashuka chini kuzidisha: 6 mara −2 mara −2 ni 24, wakati ilipasa kuwa 6 mara −4 mara −2, ambayo ni 48. Na 24 − 36 ni −12.

Namba hizi hizi, 6 na −12, zinatoka pia kama alama zote mbili zimesomwa vibaya, yaani (1 + 2t)^3. Utatofautisha kwa kutazama mstari wako wa kwanza. Kama uliandika kipeo hasi pale mwanzo, kosa ni la derivativu. Kama uliandika kipeo chanya, kosa ni la macho.

Dalili: derivativu ya pili kwenye sifuri ni hasi

Usisubiri mpaka mwisho kuikagua variansi. Derivativu ya pili pale t = 0 ni E(X²), wastani wa miraba, kwa hiyo nayo haiwezi kuwa hasi. Ikitoka hasi, simama hapo hapo.

Katika swali letu utaona −24, na sababu yake karibu daima ni kanuni ya mnyororo kutumika mara moja na kusahaulika mara nyingine. Kila unapotafuta derivativu ya mabano (1 − 2t), unadaiwa kuzidisha kwa −2, ambayo ni derivativu ya kilichomo ndani. Derivativu mbili, madeni mawili. Ukilipa moja tu, −3 mara −4 mara −2 inakupa −24, na haijalishi ni lipi ulilolisahau. Ukisahau yote mawili, unapata wastani −3 na E(X²) = 12, na variansi 12 − 9 = 3. Hilo ni baya zaidi kwa sababu variansi 3 haina kasoro ya kuonekana. Kinachokustua ni wastani hasi wa muda wa huduma.

Kuna makosa mawili ya mwisho wa hesabu ambayo sitakaa nayo sana: kuandika 48 kama variansi kwa kusahau kutoa mraba wa wastani, na kuandika 42 kwa kutoa 6 badala ya 36. Na ukipata sifuri kila mahali, umeweka t = 0 kabla ya kutafuta derivativu.

Dalili: variansi ni sifuri kamili

Dalili hii haitokei kwenye swali letu, lakini hutokea sana kwa kitendakazi cha mgawanyo wa kawaida, na ni kosa la picha lililo wazi kuliko yote. Tuseme karatasini kuna M(t) = e^(3t + 2t²). Kile kipeo cha 2 kilicho juu ya t kiko juu ya kipeo kingine, kwa hiyo ni kidogo mno. Kikipotea unasoma e^(3t + 2t), yaani e^(5t). Derivativu ya kwanza kwenye sifuri ni 5, ya pili ni 25, na 25 − 25 ni 0.

Variansi sifuri maana yake X haibadiliki kabisa, daima ni 5. Hakuna mtahini anayeuliza variansi ya kitu hicho baada ya kukuandikia vipande viwili vya t ambavyo vingeweza kujumlishwa. Ukiona vitu viwili vinavyojumlishika vimeachwa bila kujumlishwa, shuku kwamba kimoja kina kipeo usichokiona. Usomaji sahihi unatoa wastani 3 na variansi 4.

Lakini variansi sifuri hutokea pia ukiwa umesoma vizuri na kukosea derivativu ya pili. Derivativu ya kwanza ya e^(3t + 2t²) ni (3 + 4t) mara e^(3t + 2t²). Hapa una vitu viwili vinavyozidishana, na vyote viwili vina t, kwa hiyo derivativu yake ina sehemu mbili: 4 mara e^(3t + 2t²), kujumlisha (3 + 4t)² mara e^(3t + 2t²). Kwa t = 0 ni 4 + 9 = 13, na 13 − 9 ni 4. Ukisahau sehemu ya kwanza unabaki na 9 − 9 = 0. Ukisahau ya pili unapata 4 − 9 = −5. Wastani wako ndio unaoamua: ukiwa 5, kosa ni la kusoma, ukiwa 3, kosa ni la derivativu.

Dalili: t = 0 inatoa sifuri juu na sifuri chini

Ukikutana na M(t) = (e^(6t) − e^(2t))/(4t), ukiweka sifuri unapata 0/0, na unaweza kudhani picha imeharibika. Haijaharibika. Hiki ni kitendakazi cha mgawanyo ulio sawa kati ya 2 na 6, na tabia yake ndiyo hiyo. Kutafuta derivativu kwa kanuni ya sehemu kunawezekana, lakini 0/0 itarudi kila hatua na kukuchosha.

Fungua e kwa mfululizo. Kiasi, e^(6t) − e^(2t), kinakuwa 4t + 16t² + (104/3)t³ na kuendelea. Gawanya kila kipande kwa 4t, unapata M(t) = 1 + 4t + (26/3)t² na kuendelea. Ile 1 ya mbele ndiyo M(0), kwa hiyo jaribio la kwanza limepita. Kizigeu cha t ni wastani, 4. Kizigeu cha t² ni nusu ya E(X²), kwa hiyo E(X²) ni 52/3. Kosa linalotokea hapa ni kuchukua 26/3 kama E(X²) yenyewe. Utalitambua kwa sababu 26/3 − 16 ni hasi. Variansi sahihi ni 52/3 − 16 = 4/3.

Kwenye kitendakazi cha aina hii jaribio la t karibu na sifuri lina nguvu sana kwa picha. Namba ya chini lazima iwe tofauti ya vipeo viwili vya juu: 6 − 2 = 4. Kama ile 6 inaweza kuwa 8, tazama chini. Kukiwa na 4t, si 8.

Kukagua kwa kompyuta

Ukiwa na Python yenye sympy, andika usomaji wako na uone namba tatu: M(0), wastani na variansi.

```python
from sympy import *
t = symbols('t')
M = (1 - 2*t)**(-3)
m1 = diff(M, t).subs(t, 0)
m2 = diff(M, t, 2).subs(t, 0)
print(M.subs(t, 0), m1, m2 - m1**2)
```

Inatoa `1 6 12`. Badilisha −3 iwe 3 na utaona `1 -6 -12`. Kwa kitendakazi cha 0/0 njia hii hukwama na kutoa `nan`. Tumia `series(M, t, 0, 3)` usome vizigeu kama tulivyofanya hapo juu. Kompyuta inakagua derivativu zako tu. Ukiiandikia usomaji mbovu ulio halali, kama (1 + 2t)^(−3), itakupa −6 na 12 bila kusita.

Dalili: kila kitu kinapita, lakini tarakimu yenyewe ina shaka

Hili ndilo la mwisho na gumu. Alama zote umezipata, M(0) ni 1, variansi ni chanya, wastani ni chanya. Lakini kipeo ni −3 au −8? Doa limeziba upande wa kushoto wa tarakimu, na zote mbili zinatoa vitendakazi halali. Hakuna hesabu inayoweza kuchagua kwa ajili yako.

Anza na kile unachoweza kukipata hata bila tarakimu hiyo. Andika kipeo kama −k na namba ya ndani kama b, yaani M(t) = (1 − bt)^(−k). Kwa logi, K(t) ni −k ln(1 − bt). Derivativu ya kwanza kwenye sifuri ni kb, na ya pili ni kb². Kwa hiyo variansi ukiigawanya kwa wastani unapata b, namba ya ndani ya mabano, kipeo kiwe chochote. Na b huihitaji kuisoma kutoka kwenye mabano peke yake, kwa kuwa mpaka wa t ni 1/b. Mpaka ukiwa 1/2, b ni 2, na umeithibitisha mara mbili.

Kipeo kinabaki. Hapo rudi kwenye maneno. Mgawanyo wenye M(t) ya (1 − 2t)^(−1) ni wa eksponensia wenye wastani 2, na ukijumlisha muda wa watu kadhaa wasiotegemeana, vizalishi vya momenti vinazidishana. Watu watatu, kipeo −3. Swali letu linasema wateja watatu, na neno "watatu" limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko kipeo, linasomeka vizuri. Kwa hiyo ni −3. Hata majibu yanathibitisha hivyo: wateja watatu wa wastani wa dakika 2 kila mmoja wanatoa dakika 6, na variansi ya kila mmoja, ambayo ni 4, mara tatu inatoa 12. Kama ingekuwa −8, majibu yangekuwa 16 na 32, na hadithi ya wateja watatu isingekuwa na maana.

Mara nyingine swali halina hadithi. Limetupa M(t) tu. Tazama vipengele vinavyofuata katika picha hiyo hiyo. Kipengele cha (c) kikisema X ni kai-mraba yenye digrii huru 6, umepata kipeo, kwa sababu kai-mraba ina (1 − 2t) yenye kipeo hasi cha nusu ya digrii zake.

Ikiwa hakuna shahidi wa aina yoyote, mwombe aliyepiga picha aitume kama dokumenti badala ya picha, maana WhatsApp hubana picha za kawaida lakini dokumenti huipitisha kama ilivyo. Wakati unasubiri, andika jibu lenye herufi: wastani 2k, variansi 4k. Picha safi ikifika, unajaza k, na derivativu hazirudiwi.